Rejista ya dawa zinazodhibitiwa: kulinganisha ukurasa mmoja wa fenobabitoni hadi siku ya kuteketeza

Mkaguzi akifungua rejista yako ya dawa zinazodhibitiwa, hatasoma mwandiko. Atachagua dawa moja, atahesabu kilichomo kabatini, kisha atalinganisha na salio la mstari wa mwisho. Zikilingana, anaendelea na dawa nyingine. Zikipishana, hata kwa vidonge vitatu, anarudi nyuma mstari kwa mstari, na wewe unasimama pembeni ukijibu maswali.

Mwongozo huu unahusu dawa moja tu, fenobabitoni ya miligramu 30, ambayo wagonjwa wengi wa kifafa huimeza kila usiku. Nimeichagua kwa sababu imo katika Jedwali la Nne la mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, lakini kwa macho ni dawa ya kawaida kabisa: kopo la plastiki, vidonge 1000, bei ndogo. Mofini na pethidini watu huziogopa, kwa hiyo huziandika. Fenobabitoni hukaa kama panadoli, na ndiyo inayowaumbua wengi. Ukiweza kuulinganisha ukurasa wake, za mofini utaziweza pia.

Kitabu chenyewe

Tumia kitabu kilichoshonwa, kurasa zikiwa na namba zilizochapwa au ulizoziandika mwenyewe kwa wino kabla ya kuanza kukitumia. Karatasi za kuchomoa na kurudisha hazifai, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hakuna karatasi iliyochomolewa. Kama duka lina mfumo wa kompyuta, uendeleze kwa mauzo, lakini kitabu kibaki.

Kila dawa, kila umbo na kila nguvu vina ukurasa wake. Fenobabitoni ya miligramu 30 haichanganywi na ya sindano, wala diazepamu ya 5 na ya 10 hazikai ukurasa mmoja. Juu ya ukurasa andika jina, nguvu na kipimo cha kuhesabia. Kwa vidonge, kipimo ni kidonge. Ukianza kuhesabu kwa makopo, kopo likishafunguliwa hesabu imekwisha kuharibika.

Safu zinazohitajika ni tarehe, maelezo (imetoka wapi au imekwenda kwa nani), namba ya hati, bechi, kilichoingia, kilichotoka, salio, na sahihi. Wengine huongeza safu ya pekee ya kuteketeza. Mimi naona kilichotoka ni kilichotoka. Hati ndiyo inayoeleza kimetokaje. Ila usiache safu ya bechi hata kama kitabu ulichonunua Kariakoo hakina. Ichore kwa rula. Utaona baadaye inavyookoa.

Kupokea

Mzigo ukifika, tuseme bodaboda ameuleta kutoka kwa muuzaji wa jumla, usisaini hati ya kupokelea ukiwa unahudumia mteja dirishani. Angalia jina, nguvu, bechi na tarehe ya kwisha muda kwenye kopo lenyewe, na si kwenye ankara peke yake. Kisha angalia lakiri. Ikiwa imepasuka, hesabu vidonge palepale mbele ya aliyeleta, na asaini pamoja nawe.

Ikiwa lakiri ni nzima, ingiza 1000 na uandike kando ya mstari "halijafunguliwa". Siku litakapofunguliwa, watu wawili wahesabu vidonge vyote kwenye trei kabla kidonge cha kwanza hakijatoka. Watu huiona hatua hii kuwa ya kupoteza muda, kwani vidonge 1000 kwa trei na kisu cha kuhesabia huchukua muda, na foleni haingoji. Lakini kopo la kiwandani linaweza kuja na pungufu au ziada ya vidonge vichache. Ukihesabu siku ya kufungua, upungufu ni wa kiwanda na una mashahidi. Usipohesabu, upungufu uleule utageuka kuwa wako.

Kutoa

Andika mstari wakati dawa ingali mezani. Usingoje jioni, wala zamu iishe. Namba ya cheti cha daktari iingie kwenye rejista, na namba ya mstari wa rejista iandikwe kwenye cheti, ili ukishika kimoja ukipate kingine. Cheti kibaki dukani kwenye faili lake.

Andika kilichotoka, hata kama si kilichoandikwa na daktari. Mgonjwa ameandikiwa vidonge vitatu kila usiku kwa siku 30, jumla 90, lakini pesa aliyonayo inatosha 60. Unampa 60, unaandika 60, na kwenye cheti unaonyesha kwamba 30 havijachukuliwa. Anayeandika 90 kwa sababu cheti kinasema 90 atakuwa na ziada ya vidonge 30 kabatini. Ziada haiko salama kuliko upungufu: vidonge ambavyo kitabu hakivijui ndivyo vinavyoweza kuondoka bila mtu kujua.

Kabla hujachagua kopo, piga hesabu ya siku. Dawa ya siku 30 inapaswa kumalizwa kabla ya tarehe ya kwisha muda. Bechi inayokwisha mwishoni mwa Aprili haiwezi kutolewa tarehe 10 Aprili kwa mgonjwa wa mwezi mzima, japo kwenye kopo bado inasoma kuwa nzima. Usichanganye bechi mbili katika bahasha moja ili kujaza idadi.

Dawa iliyokwisha muda bado ni yako

Hapa ndipo rejista nyingi zinapovunjika. Mtu anaona vidonge 140 vimekwisha muda, anaviondoa rafuni, anaviweka kwenye boksi, na siku hiyohiyo anaandika "140 vimeisha muda" kwenye safu ya kutoka. Salio linashuka. Kuanzia dakika hiyo famasi ina vidonge 140 vya fenobabitoni ambavyo havimo katika hesabu yoyote. Vikiibwa kesho, kitabu kitaendelea kusema kila kitu kiko sawa.

Kwisha muda hubadilisha mahali dawa inapokaa, lakini idadi haiguswi. Vitoe kwenye rafu ya kuuzia, vihesabiwe na watu wawili, vitiwe kwenye bahasha au boksi lenye maandishi "IMEKWISHA MUDA – ISITUMIKE" pamoja na bechi, idadi na sahihi mbili, kisha vifungiwe katika kabati lilelile lenye kufuli, rafu tofauti. Katika rejista andika mstari wa maelezo tu: tarehe, "vidonge 140 vya bechi fulani vimehamishiwa karantini", bila kugusa salio. Kila unapohesabu mwisho wa mwezi, boksi hilo linahesabiwa pia.

Vilivyovunjika viende hivyohivyo, na viende siku vilipovunjika. Unyevu wa Dar, hasa miezi ya masika, hulainisha vidonge kopo likiachwa wazi, na nusu mbili za leo zitakuwa unga kufikia Desemba. Unga hauhesabiki.

Vinavyorudishwa na ndugu wa mgonjwa ni jambo jingine. Mgonjwa amefariki au amebadilishiwa dawa, ndugu analeta vilivyobaki. Usivirudishe kwenye salio, kwa sababu hujui vilihifadhiwaje, na usivitoe tena kwa mtu mwingine. Vifungulie ukurasa wa peke yake nyuma ya kitabu, na vingoje kuteketezwa.

Mfano: ukurasa wa Machi

Tuchukue famasi moja ya kufikirika huko Mbagala. Mwezi unaanza na salio la 412. Kati ya hivyo, 272 ni vizima vya bechi ya zamani, na 140 viko karantini tangu Januari. Tarehe 12 kopo jipya limeingia.

| Tarehe | Maelezo | Kilichoingia | Kilichotoka | Salio |
|---|---|---|---|---|
| 1/3 | Salio la mwanzo | | | 412 |
| 4/3 | Cheti | | 60 | 352 |
| 7/3 | Cheti | | 90 | 262 |
| 11/3 | Cheti | | 60 | 202 |
| 12/3 | Ankara, kopo 1, lakiri nzima | 1000 | | 1202 |
| 15/3 | Cheti (bechi mpya) | | 90 | 1112 |
| 19/3 | Cheti (bechi ya zamani) | | 60 | 1052 |
| 24/3 | Cheti (bechi mpya) | | 60 | 992 |
| 29/3 | Cheti (bechi mpya) | | 90 | 902 |

Tarehe 15 kopo la zamani lilikuwa na vidonge 62, havitoshi 90, ndiyo maana kopo jipya lilifunguliwa, na vile 62 vikangoja cheti cha vidonge 60.

Jioni ya tarehe 31 inafanyika hesabu. Anayehesabu asione salio kwanza. Ukishajua unatafuta 902, mkono utapata 902, au utapata 901 na kujiambia kimoja kimekuponyoka. Hesabu, andika kwenye karatasi, saini, halafu ndipo kitabu kifunguliwe. Kwenye famasi yetu karatasi inasema: kopo la zamani 2, kopo jipya 697, karantini 140. Jumla 839.

Kitabu kinasema 902. Pungufu ni 63.

Isome tofauti kabla ya kuigusa

Mwanzoni rudieni kuhesabu, mtu mwingine akishika trei. Ikibaki 63, sasa itazame namba yenyewe.

Wahasibu wana ujanja wa zamani: tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu zilizopishana wakati wa kuandika, kama 1052 kuandikwa 1025. Na 63 inagawanyika kwa 9. Kwa hiyo unapita salio moja baada ya jingine ukijumlisha na kutoa upya. Katika ukurasa huu kila salio ni sahihi: vilivyotoka ni 510, na 412 kuongeza 1000 kutoa 510 ni 902. Ujanja umekupa mahali pa kuanzia tu, na hapa haukuzaa kitu.

Sasa tazama bechi. Hapa ile safu uliyoichora kwa rula inalipa. Kopo la zamani lilipaswa kubaki na 272 kutoa 60, 90, 60 na 60, yaani 2. Limebaki na 2. Karantini ni 140 kama kawaida. Basi upungufu wote umo ndani ya kopo jipya, ambalo lilipaswa kuwa na 1000 kutoa 90, 60 na 90, yaani 760, na lina 697. Kwa kitendo kimoja umeondoa siku zote kabla ya tarehe 15 katika uchunguzi.

Halafu jiulize: 63 inafanana na cheti gani? Hakuna daktari anayeandika vidonge 63. Lakini 60 ni idadi ya kawaida dirishani: viwili kila usiku kwa siku 30. Kwa hiyo tafuta cheti kimoja cha vidonge 60 kati ya tarehe 15 na 31 ambacho hakikuandikwa, na ujue kuwa vitatu vina hadithi nyingine. Chukua faili la vyeti, na nakala za risiti za mashine ya EFD, ulinganishe na rejista moja kwa moja. Risiti ni shahidi mzuri kwa sababu hukatwa na mtu anayewaza pesa na hana habari na rejista. Hapa inapatikana risiti ya tarehe 22 isiyo na mstari kitabuni. Umeme ulikatika usiku huo, fundi dawa akatoa vidonge kwa mwanga wa simu, akatia cheti kwenye droo ili aandike asubuhi. Asubuhi ilikuwa zamu ya mwingine. Cheti kipo droo ileile.

Vitatu vilivyobaki havina cheti wala risiti. Yawezekana kopo lilikuja na 997. Yawezekana pia mgonjwa mmoja alihesabiwa 63. Hakuna atakayejua, kwa kuwa kopo lilifunguliwa tarehe 15 bila kuhesabiwa. Usitunge sababu. "Huenda kiwandani" si maelezo yanayoweza kusainiwa.

Kusahihisha

Usifute, usipake tipeksi, usichomeke mstari kati ya tarehe 19 na 24. Kosa la kuandika likiwa la mstari huohuo, lipigie mstari mmoja ili lisomeke bado, andika iliyo sawa pembeni, weka tarehe na sahihi yako. Kilichosahaulika kinaandikwa siku kilipogundulika:

| Tarehe | Maelezo | Kilichotoka | Salio |
|---|---|---|---|
| 31/3 | Cheti kilichohudumiwa 22/3, hakikuandikwa siku hiyo | 60 | 842 |
| 31/3 | Upungufu usioelezeka, bechi mpya, baada ya hesabu ya watu wawili | 3 | 839 |

Mfamasia msimamizi anasaini mistari yote miwili, na ule wa pili unaambatana na karatasi ya maelezo: nani walihesabu, nini kiliangaliwa, nini hakikupatikana. Fundi dawa wa zamu ya usiku asaini maelezo yake mwenyewe. Upungufu wa aina hii ukirudi mwezi ujao na ujao tena, vitatu, vinne, vitano, acha kuuita wa kiwanda. Na palipo na dalili ya wizi, au upungufu ni mkubwa, jambo limetoka mikononi mwa duka: ni la polisi na la TMDA, na kitabu kikae kama kilivyo hadi wafike.

Mwezi unaolingana moja kwa moja kila mara, miaka nenda miaka rudi, bila kosa hata moja lililopigiwa mstari, humfanya mkaguzi mzoefu ashuku zaidi, si pungufu. Vitabu vya kweli vina makosa yaliyosahihishwa hadharani.

Kuteketeza

Vile 140 sasa. Famasi haiteketezi dawa inayodhibitiwa kwa uamuzi wake. Mwenye duka huiandikia TMDA kuomba, akiambatanisha orodha yenye jina, nguvu, umbo, mtengenezaji, bechi, tarehe ya kwisha muda, idadi na thamani. Idadi ya kwenye orodha itoke kwenye hesabu mpya ya watu wawili. Usiinakili kutoka kwenye bahasha ya Januari. Ikiwa orodha inasema 140 na mkaguzi akahesabu 138, ombi la kuteketeza limegeuka kuwa kesi ya upungufu.

Kusubiri kunaweza kuwa kurefu kuliko unavyotaka, na duka dogo lina sababu ya kukusanya vingi kwanza ili gharama iwe moja. Hilo halina ubaya, mradi boksi linahesabiwa kila mwezi. Kisichofaa ni njia ya mkato: sinki, choo, au mfuko mweusi wa taka unaoishia dampo la Pugu, ambako kuna watu wanaochambua kila mfuko na kopo lenye vidonge lina bei.

Mkaguzi akija, hukagua, huhesabu, na kuteketeza hufanyika chini ya usimamizi. Akitia lakiri boksi na kuliacha kwako hadi siku ya kuchoma, bado liko kwenye salio lako. Linatoka siku linapoondoka kwa hati iliyosainiwa na pande zote mbili. Tuseme ni tarehe 16 Aprili, na kati ya tarehe 1 na 15 vyeti vimetoa vidonge 210. Salio kabla ya mkaguzi ni 839 kutoa 210, yaani 629. Unaandika mstari: tarehe, namba ya kibali, bechi, kilichotoka 140, salio 489, sahihi yako na ya mkaguzi. Kabla hajaondoka, hesabu kabati mbele yake: 2 vya bechi ya zamani na 487 vya mpya. Cheti cha kuteketeza kikifika baadaye, namba yake iongezwe kwenye maelezo ya mstari huo, na cheti chenyewe kiwekwe faili moja na ankara na vyeti vya madaktari.

Kwa dawa ya maji

Tofauti ni moja inayostahili kutajwa. Mofini ya kunywa, kama ile inayotengenezwa Ocean Road kwa wagonjwa wa saratani, huhesabiwa kwa mililita, na kila unapopima kwa silinda matone hubaki ukutani. Usipime chupa iliyofunguliwa kila jioni, utaipunguza kwa kuipima. Chupa zilizofungwa zihesabu kwa ujazo wa lebo, iliyofunguliwa ikadirie kwa macho dhidi ya alama, na siku inapokwisha ndipo uandike ziada au upungufu halisi wa chupa hiyo, mbele ya shahidi. Upungufu mdogo unaofanana chupa kwa chupa ni wa silinda. Chupa moja ikipungua kuliko wenzake, angalia ilikuwa zamu ya nani.

Vitabu vilivyojaa visitupwe. Mikataba ya kimataifa ya 1961 na 1971 inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka miwili, na hiyo ni sakafu tu. Hesabu miaka kuanzia mstari wa mwisho wa kitabu. Kama bado kuna bechi iliyoingia katika kitabu cha zamani na iko karantini, kitabu hicho kibaki karibu na kabati mpaka cheti cha kuteketeza kifike.